Kuondoa ukijani na madoa meusi kwenye ngazi na kuta za ua baada ya masika

Ukitaka kujua ukijani utaanzia wapi nyumbani kwako, simama uani uangalie mlima uko upande gani. Kwa Moshi, Kilimanjaro iko kaskazini. Kwa Arusha mjini, Meru nao uko kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua hupita upande huohuo wa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaoutazama mlima hupigwa na jua, na ukuta unaoupa mlima mgongo haupati jua la moja kwa moja kwa karibu miezi sita. Miezi hiyo ndiyo ya masika, na mvua ikikatika tunaingia kwenye mawingu na baridi ya Juni na Julai. Ukuta umelowa, na jua la kuukausha liko upande wa pili wa nyumba. Ndiyo maana nyumba ileile inakuwa safi mbele, na nyuma ina utando wa kijani hadi usawa wa dirisha.

Ukutani ukijani ni uchafu wa macho tu. Kwenye ngazi ni hatari kweli. Mwani ukilowa unateleza, na mara nyingi ngazi za nyuma ndizo zinazopitwa na mtu aliyebeba ndoo ya maji au sufuria ya moto. Kwa hiyo ukiwa na siku moja tu ya kazi, anza na ngazi, ukuta usubiri.

Nitaeleza kazi hii kwa kutumia nyumba moja ya Rau, hapa Moshi, kwa sababu ilikuwa na karibu kila tatizo ninalolikuta: ngazi tano za zege nyuma ya jiko, ukuta wa plasta wa ua wenye urefu wa mita sita unaotazama kusini, mparachichi ulioufunika ukuta huo, na tenki la maji lililokuwa likifurika. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa maneno haya: "Fundi, kila mwaka nasuguliwa ngazi hizi, na kila mwaka zinarudi kijani kuliko jana."

Alikuwa sahihi, na sababu ilionekana pale pale chini ya miguu yetu.

Kwanza tambua doa ni la kitu gani

Si kila cheusi ni ukungu, na dawa inayoua ukungu haifanyi kitu kwenye kutu au masizi. Kipimo ni rahisi. Chukua pamba, ichovye kwenye jiki isiyochanganywa na maji, igandamize juu ya doa kwa dakika tano, kisha tazama. Kikiwa kitu hai, yaani mwani au ukungu, rangi itapauka: kijani kitageuka kuwa cheupe chenye unjano, na cheusi kitakuwa kahawia hafifu. Kisipobadilika kabisa, hicho si kiumbe.

Cheusi kisichobadilika kikiwa karibu na jiko la kuni ni masizi yenye mafuta. Hayo yanataka maji ya moto yenye magadi na brashi, si jiki. Doa la rangi ya chungwa au kahawia iliyokolea chini ya nondo, bawaba au bomba ni kutu, na jiki inaweza kulizidisha. Mkanda wa kahawia ulionyooka chini kabisa ya ukuta, wenye urefu wa kama goti, kwa kawaida ni udongo uliorushwa na matone ya mvua kutoka batini, na unatoka kwa sabuni na maji. Unga mweupe unaokwaruzika kwa kucha ni chumvi iliyotoka ndani ya ukuta pamoja na unyevu. Uufagie ukiwa mkavu, maana ukiumwagia maji unarudi ndani.

Kwenye ile nyumba ya Rau, ngazi zilikuwa na mwani mtupu. Ukuta ulikuwa na mwani chini, mkanda wa udongo, na mchirizi mweusi mrefu uliotelemka kutoka usawa wa bomba la kufurika la tenki. Pamba iliupausha ule mchirizi, kwa hiyo nao ulikuwa hai. Viumbe wa aina hii hujijengea rangi nyeusi inayowakinga na jua, ndiyo maana wanaweza kuishi hata mahali palipo wazi panapokauka na kulowa tena, pale ambapo mwani wa kijani hauwezi.

Asidi iache dukani

Hapa ndipo palipokuwa na jibu la swali la mama. Masika iliyotangulia alimwita kijana aliyeziosha ngazi kwa asidi, ile inayouzwa kwa ajili ya vyoo na kuondoa saruji kwenye vigae. Siku ile zilitoka nyeupe kama mpya. Lakini asidi haikuua mwani. Iliyeyusha saruji ambayo mwani ulikuwa umeshikilia. Niliinama nikapitisha kiganja juu ya ngazi ya pili: ilikuwa inakwaruza kama msasa, na kokoto ndogondogo zilikuwa zimechomoza vichwa. Nikadondosha tone la maji. Zege lenye afya hulishikilia tone kwa muda kabla ya kulinywa. Pale tone lilizama mara moja.

Zege la namna hiyo limejaa vitundu, na kila kitundu kinatunza maji, vumbi na mbegu za mwani hadi mvua inayofuata. Limao na siki ni asidi pia, ila ni dhaifu zaidi, na madhara yake ni yaleyale ukizitumia mara kwa mara. Mtu akikuletea chupa ya asidi kwa ajili ya ukijani, mwambie hapana.

Brashi ya waya nayo iache. Inachimba mistari kwenye zege, na vipande vyake vidogo vya chuma vinabaki vimenasa. Baada ya wiki chache utaona nukta za kutu ambazo ni ngumu kutoa kuliko mwani wenyewe. Mashine ya kuoshea magari inafaa kwenye zege imara tu, ikiwa na mdomo unaotawanya maji, ukiishika angalau sentimeta 30 kutoka kwenye ngazi. Usiielekeze kwenye plasta. Nimeona kuta ambazo mashine ilibandua plasta vipande vipande na kusukuma maji hadi chumbani.

Watu wa mashamba ya kahawa huniuliza kuhusu mrututu, kwa kuwa wanajua unavyoua ukungu kwenye majani. Ni kweli mwani unakufa kwa shaba. Lakini mrututu unaacha zege na rangi ya bluu, na shaba haiozi. Inabaki kwenye udongo wako na kutiririka hadi mfereji na mto, na samaki hawaivumilii. Jiki inavunjika yenyewe kwa jua na udongo, na inayobaki zaidi ni chumvi.

Dawa na kipimo chake

Dawa ni jiki ya kawaida, ile ya nguo nyeupe, isiyo na harufu ya ua wala rangi. Soma lebo: nyingi zina klorini ya karibu asilimia 3.5. Tazama pia tarehe, na usinunue chupa iliyokuwa inapigwa na jua dirishani mwa duka, maana jiki hupoteza nguvu kwa joto na mwanga. Ile pamba ya majaribio inapima pia dawa yako. Kama ukijani haujapauka kabisa baada ya dakika kumi, jiki hiyo imekufa.

Kwa ngazi na ukuta wenye ukijani wa kawaida, changanya jiki sehemu moja na maji sehemu mbili. Kwa michirizi myeusi, nusu kwa nusu. Zaidi ya hapo hupati faida, unaongeza moshi wa kuchoma macho tu na chumvi ndani ya zege.

Kiasi hukadiriwa kwa eneo. Kila ngazi ya pale Rau ilikuwa na upana wa sentimeta 120, mahali pa kukanyagia sentimeta 30 na kimo sentimeta 17, kwa hiyo ngazi zote tano zilikuwa karibu mita tatu za mraba. Ukuta ulikuwa na ukijani hadi kimo cha mita moja kwa urefu wa mita sita, yaani mita sita za mraba. Jumla tisa. Mpako mmoja hunywa kama nusu lita kwa mita ya mraba, na huwa tunapaka mara mbili, kwa hiyo tulihitaji lita tisa za mchanganyiko: jiki lita tatu na maji lita sita. Hatukuzichanganya zote kwa pamoja. Tulitengeneza nusu kwa mpako wa kwanza na nusu kwa wa pili, kwa sababu mchanganyiko uliokaa hupungua nguvu, na usiuweke hadi kesho.

Kama unatumia klorini ya unga, ile ya kutibia maji yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, gramu 180 kwenye lita kumi za maji zinakupa nguvu inayokaribiana na ule mchanganyiko wa moja kwa mbili. Tia maji kwanza kwenye ndoo ya plastiki, kisha unga kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya unga. Acha utuame, uchuje maji ya juu, maana machicha yake meupe yanaziba bomba na kuacha madoa. Unga huo uhifadhiwe mbali na mafuta ya taa, petroli na grisi, kwa sababu vikikutana unaweza kuwaka moto.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila nyumba ninayoingia. Jiki haichanganywi na kitu kingine chochote isipokuwa maji. Ikikutana na asidi ya choo inatoa gesi ya klorini, ambayo inachoma mapafu, na uani kwenye kona isiyo na upepo inatosha kumlaza mtu. Hata sabuni ya maji ya kutengenezwa mtaani usiitie humo. Sabuni hizo hutengenezwa kwa asidi iliyopozwa kwa magadi, na kama aliyeitengeneza hakuipoza vizuri, asidi imebaki. Kama kuna mafuta kwenye ngazi, osha kwa sabuni kwanza, suuza sana, ndipo ulete jiki. Na kama ngazi zilimwagiwa asidi hivi karibuni, zisuuze kwa maji mengi na uziache siku kadhaa kabla ya kuanza.

Siku ya kazi

Chagua asubuhi yenye mawingu ambayo haina dalili ya mvua. Mwishoni mwa Mei na Juni asubuhi za namna hiyo tunazo nyingi. Jua kali si rafiki wa kazi hii: dawa inakauka kabla haijaua. Mvua nayo inaiosha.

Vaa gambuti, glavu za mpira, miwani ya kukinga macho, na nguo usiyoijali, kwa sababu tone moja la jiki linatoboa rangi ya nguo milele. Watoto, mbwa na kuku wabaki upande wa mbele hadi umalize kusuuza. Funga njia ya ngazi kwa kamba au weka kiti kikubwa mlangoni, maana mtu akitoka jikoni bila kujua atakanyaga utelezi maradufu.

Mimea iliyo karibu ilowanishe kwa maji matupu kabla, majani na udongo. Udongo ulioshiba maji haunywi dawa nyingi. Maua ya thamani yafunike kwa nailoni wakati wa kupaka tu, kisha yafunue, yasije yakaiva humo ndani.

Utando mzito uondoe kwanza bila maji, ukitumia kipande cha ubao au mwiko wa fundi ulioshikwa kwa kulala. Kwenye ngazi ya Rau ulitoka kama ngozi, vipande vya upana wa kiganja, na chini yake zege lilikuwa bado na rangi ya kijani iliyoingia ndani. Vifagie, uvitupe shimoni au chini ya migomba kabla hujapaka dawa. Kila unachokiondoa sasa kinakuokolea jiki, kwa sababu klorini huishia juu ya uchafu mwingi kabla ya kufika kwenye vitundu. Lakini usianze kusugua kwa nguvu. Kusugua mwani ulio hai kunausambaza tu na kuusukuma ndani zaidi. Ua kwanza, sugua baadaye: hii ndiyo tofauti kati ya ngazi zinazokaa safi mwaka mzima na zile zinazorudi baada ya wiki sita.

Kisha lowanisha zege kidogo kwa maji, liwe na unyevu lakini lisiwe na madimbwi. Zege kavu kabisa linavuta dawa ndani haraka na juu panabaki pakavu.

Paka dawa. Kwenye ngazi tumia kopo la kumwagilia maua au fagio, ukianzia ngazi ya juu na kurudi chini kinyumenyume, ili usikanyage ulipopaka. Kwenye ukuta fanya kinyume: anza chini upande juu. Ukianzia juu, michirizi ya dawa itatelemka kwenye ukuta mkavu wenye ukijani na kuacha mistari myeupe ambayo itaonekana hata ukimaliza. Bomba la mgongoni ni zuri kwa ukuta, ila lisiwe lile la dawa za shamba. Mabaki ya dawa za wadudu hayafai kukutana na klorini, na jiki nayo inakula mipira na vyuma vya bomba, kwa hiyo ukimaliza lisukume kwa maji safi mara kadhaa.

Acha dawa ifanye kazi dakika 15 hadi 20, na pakionekana kukauka paongezee. Hapa hakuna haraka. Utaona rangi inabadilika yenyewe: kijani kibichi kinakuwa kijani cha majani makavu, halafu unjano, halafu weupe mchafu. Sehemu iliyobaki kijani kibichi ni sehemu ambayo dawa haikufika au ilikauka.

Sasa sugua, kwa brashi ngumu ya nyuzi za plastiki au fagio la chelewa. Kwenye ngazi zingatia pembe ya ndani, pale ngazi inapokutana na kimo cha ngazi inayofuata. Maji husimama hapo, na mwani ukibaki hapo utapanda upya kutoka hapo. Suuza kwa maji mengi kuanzia juu kwenda chini, ndoo baada ya ndoo, hadi maji yanayotoka yasiwe na povu wala harufu. Kusuuza si kwa ajili ya usafi peke yake. Chumvi inayoachwa na jiki ikizama ndani ya zege lenye nondo inasaidia kutu kuzila, na kama ngazi zako zina mkono wa chuma, huo utaanza kutu kabla ya nondo. Uoshe na ukaushe kwa kitambaa.

Baada ya hapo paka mpako wa pili, acha dakika 15, usisugue tena, suuza. Mpako huu wa pili watu wengi wanauruka wakiona pameshakuwa peupe, na ndio unaofika kwenye vitundu vilivyofunguka baada ya kusugua.

Jiki ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 mfululizo, halafu nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu. Ukianza kukohoa na kubanwa kifua, acha kila kitu, toka uende mahali penye hewa. Usipopata nafuu haraka, nenda hospitali.

Mchirizi mweusi

Weusi hautoki siku moja, na hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kurudi kwenye asidi. Viumbe hawa wana ute mgumu unaowafunika, na wakishakufa maganda yao yanabaki yameng'ang'ania plasta. Kwenye ukuta wa Rau tulipaka nusu kwa nusu, tukabandika vitambaa vya zamani vilivyochovywa kwenye dawa hiyohiyo ili isitelemke, tukaviacha dakika 20. Baada ya kusugua kwa wastani na kusuuza, mchirizi ulikuwa umetoka kwenye weusi na kuwa kijivu.

Mama alitaka tuendelee kusugua. Nilimwomba tuuache wiki mbili. Kilichokufa kinalegea chenyewe kwa upepo, jua na umande, na tuliporudi fagio lilichukua sehemu kubwa ya kile kijivu bila dawa. Tulirudia mpako mmoja, basi. Kivuli kidogo kilibaki, na kitabaki, kwa sababu plasta yenyewe imeshalika hapo. Kama baada ya mipako miwili iliyoachana wiki mbili doa halibadiliki, rudi kwenye pamba upime tena. Huenda chini ya ukungu kuna kutu au masizi.

Vile vidoa vya mviringo vya kijivu vilivyokauka kama magamba, ambavyo hupatikana juu ya kuta za zamani, navyo vinakufa kwa njia hii lakini huchukua hata miezi kuanguka. Havitelezeshi mtu. Mimi huviacha.

Maji yanatoka wapi?

Kazi yote hiyo ni ya mwaka mmoja usipoondoa maji. Tulizunguka ukuta ule tukitafuta yanakotoka, na tukapata vyanzo vitatu.

Cha kwanza kilikuwa bomba la kufurika la tenki. Boya lilikuwa limechakaa, maji yakawa yanatiririka ukutani kila usiku mgao ulipofunguliwa. Boya jipya na kipande cha bomba cha kupeleka maji bustanini vilimaliza ule mchirizi. Ukiona mchirizi mweusi ulionyooka, panda nao juu kwa macho. Mwanzo wake ndio tatizo lako.

Cha pili kilikuwa matone ya batini. Upande ule haukuwa na gata, kwa hiyo maji yalidondoka ardhini na kuruka ukutani na kwenye ngazi ya chini. Gata ni suluhisho zuri. Mfuko usiporuhusu, chimba mfereji wa upana wa nusu mita chini ya mdondoko, kina cha sentimeta kumi, ujaze kokoto. Tone likiangukia kokoto linavunjika na kuzama. Likiangukia udongo linaruka na matope yake. Mama alichagua kokoto. Udongo uliokuwa umerundikwa juu ya msingi tuliushusha pia, maana plasta iliyoegemewa na udongo haikauki.

Cha tatu kilikuwa mparachichi. Hakuna sababu ya kuukata mti unaozaa. Tulipunguza matawi ya chini na yale yaliyogusa ukuta, tukaacha nafasi ya karibu mita moja ili upepo upite. Jua hatukuweza kuupatia ukuta unaotazama kusini. Upepo tuliweza.

Ngazi zenyewe zilikuwa na kasoro nyingine: ya pili na ya tatu zilikuwa na bonde katikati, kwa sababu ya ile asidi, na maji yalisimama. Ngazi ya nje inatakiwa imwage maji kwenda mbele, nusu sentimeta hadi sentimeta moja ndani ya kina cha sentimeta 30. Tulizichonga kwa patasi zikawa na makovu, tukazilowanisha, tukapaka uji wa saruji, kisha chokaa ya saruji moja kwa mchanga tatu kwa unene wa sentimeta mbili na zaidi. Usikubali fundi akupigie niru kwenye ngazi ya nje, hata kama anasema itang'aa. Niru ikilowa inateleza bila hata kuwa na mwani. Ngazi ivutwe kwa fagio ikiwa bado mbichi, mistari ikienda upande wa kulia na kushoto ili ishike wayo, halafu imwagiliwe na kufunikwa kwa magunia kwa siku saba.

Kabla ya kupaka rangi

Usipake rangi juu ya ukijani, hata uliofifia. Itakuwa safi hadi vuli, halafu itainuka kama malengelenge. Na usipake juu ya plasta iliyolowa, ambayo kwa kuta zetu za kusini inaweza kuchukua wiki nyingi baada ya masika. Kipimo chake: bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita ukutani, gundi pande zote nne, uache usiku na mchana. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, subiri.

Ukuta wa ua ambao haujawahi kupakwa rangi ya plastiki, mimi naupendelea chokaa nyeupe. Ina ukali ambao mwani hauupendi, na inaruhusu ukuta kutoa unyevu. Paka mipako miwili myembamba juu ya plasta iliyoloweshwa, ukiwa na miwani, kwa sababu chokaa jichoni ni mbaya kuliko jiki. Juu ya rangi ya plastiki haishiki, itadondoka. Ukuta uliokwisha kupakwa rangi ya kukolea ujaribu kwanza na jiki sehemu iliyofichika. Baadhi ya rangi hupauka.

Kwa ngazi hakuna rangi ninayoishauri. Kabla ya vuli, mwezi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, zipitie kwa fagio, kisha jiki moja kwa maji manne, dakika 15, usuuze. Utahitaji chini ya nusu lita ya jiki kwa ngazi tano. Fanya hivyo tena mwishoni mwa Februari kabla masika haijaanza, na siku hiyohiyo safisha gata na uangalie boya la tenki.